Jioni ya matokeo, Makorora Tanga: skripti ya filamu fupi, naomba mnionyeshe inapochechemea

BintiMakorora, Jumatano saa 3:12 usiku

Wakuu, habari za usiku. Nimemaliza skripti yangu ya kwanza ya filamu fupi. Ina kurasa 11, na kwa kipimo cha ukurasa mmoja dakika moja ni filamu ya dakika kumi na moja hivi. Ni msichana anayesubiri matokeo ya kidato cha nne, jioni moja tu, na karibu yote inatokea uani kwenye nyumba moja hapa Makorora.

Jioni hiyo niliipitia mwenyewe. Kilichonifanya niandike si matokeo yangu. Ni kwamba nilisoma matokeo ya rafiki yangu kabla ya yangu, yeye akiwa amekaa pembeni yangu, na mpaka leo sijapata maneno ya kumwambia kuhusu ile sekunde. Ndiyo maana nataka iwe filamu, si barua.

Naweka sehemu kuu. Namba ya shule nimeiandika kwa sifuri nne makusudi ili isiwe ya shule yoyote.

1. NJE – UANI – ALASIRI

MWANAIDI (17) anafagia ua ambao umeshafagiwa. Michirizi ya fagio la asubuhi bado inaonekana mchangani. Kutoka kwa jirani, redio inasema Baraza la Mitihani limetangaza matokeo ya kidato cha nne. Anaacha kufagia. Redio inahamia kwenye matangazo ya biashara. Anaendelea kufagia, palepale.

JIRANI (sauti, nyuma ya ukuta wa makuti): Mwanaidi! Umesikia?

MWANAIDI: Nimesikia, mama. Kaka ndiye mwenye simu, kapeleka mzigo Muheza.

JIRANI: Njoo uchungulie kwa yangu.

MWANAIDI: Ahsante, mama. Nitamsubiri.

2. NDANI – CHUMBA CHA MTIHANI – ASUBUHI (KUMBUKUMBU)

Wanafunzi thelathini, madawati yamepangwa mbalimbali. Mwanaidi anaangalia mgongo wa MWANAHAMISI (17), aliyekaa mbele yake. Msimamizi anapita.

3. NJE – UANI – JIONI

Mwanaidi amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Sinia lipo chini ya ulimi wa mbuzi. Moyo unamdunda kwa hofu, anakumbuka miaka minne yote ya shule na ahadi aliyompa marehemu baba yake. Nyama ya nazi imekwisha, yeye bado anakuna. Chuma kinakwaruza kifuu. Unga wa kahawia unadondoka juu ya nazi nyeupe.

Adhana ya magharibi inaanza. Anashtuka, anaangalia sinia.

4. NJE – UANI – MAGHARIBI

MAMA (48) amerudi kutoka soko la Mgandini, ndoo tupu mkononi. Mwanahamisi anaingia nyuma yake.

MWANAHAMISI: Shikamoo mama.

MAMA: Marahaba mwanangu. Na wewe bado?

MWANAHAMISI: Bado. Nimekuja tuangalie pamoja.

Mama anakamua nazi kwenye kifumbu. Tui linatoka lina vidoa vya kahawia. Analiangalia, kisha anamwangalia Mwanaidi.

MAMA: Nazi ilikuwa mbovu?

MWANAIDI: Haikuwa mbovu, mama.

Mama anachukua kitambaa safi, anachuja tui mara ya pili. Hasemi kitu.

5. NJE – UANI – USIKU

Pikipiki inazimwa nje. KAKA anaingia, anatoa simu. Ukurasa unafunguka taratibu. Kidole cha Mwanaidi kinashusha orodha. Wasichana wawili, kichwa kwa kichwa.

```
0030  F  26  IV  CIV - 'D' HIST - 'D' GEO - 'D' KISW - 'B'
                 ENGL - 'C' BIO - 'D' B/MATH - 'F'
0031  F  20  II  CIV - 'C' HIST - 'C' GEO - 'C' KISW - 'B'
                 ENGL - 'C' BIO - 'C' B/MATH - 'F'
```

Kidole kinasimama kwenye 0030. Mwanahamisi anaona kwamba Mwanaidi ameona.

GIZA.

Niambieni ukweli. Mwisho unafika? Na mtu ambaye hajawahi kusubiri matokeo atauelewa?

---

MamaNguvumali, saa 3:40 usiku

Mwanangu pole sana na kusubiri, nakujua kulivyo. Kama huyo kaka hajarudi mpaka sasa hivi, andika hapa namba ya mtihani na ya shule, kijana wangu ana intaneti nzuri atakuangalizia usiku huuhuu. Usilale na wasiwasi.

---

BintiMakorora, saa 3:44 usiku

Mama Nguvumali, ahsante sana na Mungu akuzidishie. Hii ni hadithi ya filamu, yangu yalishatoka miaka mingi. Ila ungekuwa jirani yetu jioni ile ningekuja kwako mbio.

---

MwalimuMstaafu, saa 4:05 usiku

Binti, nimefundisha sekondari miaka mingi na matokeo nimeyabandika ukutani mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Nianze na kilichonigusa, halafu nikusahihishe.

Umepatia kuwaweka hao wawili kwenye 0030 na 0031. Namba za watahiniwa zinapangwa wasichana kwanza, kwa mpangilio wa majina, kisha wavulana. Mwanahamisi na Mwanaidi lazima wafuatane kama hakuna jina la kuwatenganisha. Na chumba cha mtihani kinapangwa kwa namba hizohizo. Hivyo aliyekaa mbele yako wiki zote za mtihani ndiye utakayemkuta juu yako kwenye matokeo. Majina hayamo kwenye ukurasa, kuna namba na jinsia tu, lakini wewe namba ya aliye mbele yako unaijua kama unavyoijua yako.

Sasa kosa. Mstari wa 0031 haujumlishiki. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5, na yanahesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Huyo binti ana C tano, hizo ni 15. B ya Kiswahili 2, tunafika 17. F ya hesabu 5, jumla 22. Wewe umeandika 20. Na kwa 22 hapati divisheni ya pili, kwa sababu ya pili ni 18 hadi 21. Huyu ni wa tatu, inayoanzia 22 hadi 25. Mstari wa rafiki yake uko sawa: 26, na hapo ndipo ya nne inapoanza.

Mtazamaji wa Tanzania atasimamisha picha na kuhesabu. Nakuhakikishia.

---

KijanaWaDuga, saa 4:21 usiku

Mwalimu shikamoo, ila F si haihesabiwi? F ni kufeli, somo linatolewa. Ukitoa hiyo 5 anabaki na 17, na 17 ni wani. Kwa hiyo binti amejipunja.

Halafu kingine. Hii filamu haina sababu ya kuwepo. Mama ana simu, hata kama ni kitochi. Unapiga `*152*00#`, unafuata menyu ya elimu, unaingiza namba ya mtihani na mwaka, matokeo yanakuja kwa ujumbe. Intaneti ya nini? Dakika mbili, kila mtu analala.

---

MwalimuMstaafu, saa 4:38 usiku

Marahaba kijana. F inaachwa pale tu ambapo mtahiniwa amefanya masomo zaidi ya saba na ana saba mengine ya kuijaza nafasi yake. Angekuwa na la nane, tuseme Kemia ya D, basi ile F ingetoka na D ingeingia, na angepata 21. Huyu kafanya saba tu, kwa hiyo F inabaki na tano zake. Huwezi kuwa na wani yenye masomo sita.

Na tazama binti, hapo ndipo penye uchungu wa huyo Mwanaidi. Hesabu ingekuwa D badala ya F, jumla ingekuwa 21, divisheni ya pili. Pointi moja. D inaanzia alama 30. Huenda alikosa swali moja.

Kuhusu kitochi kijana yuko sahihi kabisa. Mara ya mwisho niliyotumia mimi ilikatwa shilingi 100 kwenye salio.

---

JichoLaKamera, saa 4:55 usiku

Nimefanya kazi ya kamera Dar na hapa nyumbani, zaidi harusi na matangazo, filamu fupi chache. Dada, nazi ndiyo filamu yako. Mengine yote yaisogelee nazi.

Nikueleze kwa nini. Onyesho la 3 umeandika "anakumbuka miaka minne yote ya shule na ahadi aliyompa marehemu baba yake". Nikiweka kamera pale uani siioni ahadi, namwona msichana kakaa juu ya mbuzi. Hata mwigizaji hawezi kuniigizia ahadi. Lakini akikuna mpaka chuma kikafika kwenye kifuu, nimejua kila kitu na hajafungua mdomo. Na mlio unabadilika: nyama ya nazi inalia laini, kifuu kinalia kikavu. Hata nikifumba macho nitajua nazi imekwisha kabla yeye hajajua. Futa ile sentensi ya moyo na baba. Usibadilishe neno jingine hapo.

Halafu mama kuchuja mara ya pili bila kusema. Nimelisoma hilo mara tatu.

Ya pili, fumua kumbukumbu ya chumba cha mtihani. Wanafunzi thelathini ni sare thelathini, chakula cha watu thelathini na kibali cha shule, kwa sekunde ishirini za mgongo. Mpe sentensi moja Mwanaidi aseme wakiwa wamekaa, kwamba mgongo wa mwenzake anaujua. Inatosha, na ni bure.

Ya tatu ni mwanga, na hapa wengi huumia. Mwisho wa Januari jua la Tanga linazama saa 12 na dakika 45 hivi. Kwetu jua halining'inii. Likishazama una kama dakika ishirini za ule mwanga wa buluu, kisha giza. Wewe una maonyesho mawili ndani ya dakika hizo, la nazi na la mama kurudi. Jioni moja haitoshi. Panga jioni mbili, moja ya nazi na moja ya mama. Fanyeni mazoezi kuanzia saa 10, na saa 12 na nusu kamera iwe imesimama, mtu asiwe anatafuta betri. Uangalie pia mawingu: jioni ya kwanza ikiwa na wingu na ya pili kweupe, haziungani.

Na adhana usiirekodi pamoja na picha. Ukikata picha katikati, adhana nayo inakatika neno, na watu wa kwetu watalisikia hilo na halitawapendeza. Rekodi adhana nzima peke yake siku nyingine, uilaze chini ya picha bila kuigusa.

---

BabaWatatu, saa 5:10 usiku

Mimi nasema la kwangu. Kijana wangu wa pili, tulikaa jioni nzima kama hivyo, shemeji zangu wamejaa ukumbini. Ukurasa ulipofunguka, penye divisheni palikuwa hapana namba wala sifuri, kuna alama tu. Matokeo yalikuwa yamezuiliwa. Hatukujua tulie au tushukuru. Shuleni alikosoma hakuna aliyetueleza sababu kwa wiki kadhaa. Mwishowe yalitoka na alikuwa amefaulu, lakini zile wiki alikonda mtoto yule, hakuwa anatoka nje mchana.

Sijui kama linaingia kwenye filamu yako. Nilitaka tu ujue kwamba kuna kusubiri ambako hata ukurasa ukifunguka hakuishi.

---

BintiMakorora, Alhamisi saa 12:50 asubuhi

Nimewasoma wote usiku, sikulala vizuri.

Mwalimu, shikamoo, na nakubali. Itakuwa 22, divisheni ya tatu. Niliandika 20 kwa sababu nilitaka awe mbali sana na rafiki yake. Sasa naona 22 na 26 zinauma zaidi, ziko karibu, wangeweza kubadilishana.

Jicho, sentensi ya baba nimeifuta na chumba cha mtihani nimekifuta. Skripti imebaki kurasa 9.

Baba Watatu, pole, na pole kwa kijana. Kwenye filamu hii haliingii, lakini naomba ruhusa yako siku moja niliandike peke yake. Hilo la kutotoka nje mchana nimeliona.

Aliyenisumbua ni Kijana wa Duga. Ni kweli. Jioni yangu mimi mama alikuwa na kitochi kwenye pindo la kanga na hakuna aliyekifikiria. Siwezi kusema kwenye filamu kwamba hawakufikiria, mtazamaji atafikiria. Na kwa nini hakwenda kwa jirani pia mtauliza. Hilo nina jibu, mama hakutaka mtu wa nje ajue kabla ya nyumba yake.

Mwalimu, ukurasa ukifunguka, kabla hajafika kwenye namba yake anaona nini? Nimesahau.

---

MwalimuMstaafu, saa 1:30 asubuhi

Anaona kitu kibaya kuliko namba yake. Juu kabisa kuna jedwali, `DIVISION PERFORMANCE SUMMARY`, lenye mistari ya `F`, `M` na `T`, na safu za I mpaka 0. Kwa hiyo kabla hajashuka ameshajua shule nzima ina sifuri ngapi za wasichana. Tuseme 3. Anajua ni tatu, hajui ni nani. Nimewaona watoto wakisimama hapo, hawataki kushuka.

Na kuhusu mzazi kuficha, ninawajua wengi wa namna hiyo. Si fedheha, ni kulinda mtoto. Habari ikitoka kwa jirani inafika Barabara ya 12 kabla ya wewe kufunga mlango.

---

JichoLaKamera, saa 2:15 asubuhi

Dada, kabla hujakitupa kitochi, kifikirie upya. Ukurasa wa simu kubwa una tatizo kwenye kamera. Maandishi madogo, mtazamaji anageuka msomaji: anatafuta CIV, anatafuta HIST, na wewe umempoteza uso wa msichana. Kisha simu kubwa usiku inamwagia nyuso mwanga mweupe mkali, inabidi uipunguze mwanga mpaka chini na ufiche taa ndogo pembeni ili nyuso zionekane. Inafanyika, ila ni kazi.

Kitochi hakina hayo. Kina tarakimu kubwa na vitufe vinavyolia. Tatizo lake ni kwamba skrini yake haimuliki hata pua. Weka kandili kwenye mkeka, umeme uwe umekatika tangu jioni, na umemaliza.

---

KijanaWaDuga, saa 2:40 asubuhi

Na herufi S kwenye kitochi ni kubofya 7 mara nne. Ukikosea unarudi mwanzo. Hiyo peke yake ni filamu ya kutisha.

Ila bado nauliza, wakipiga wote wawili wanapata, kila mmoja wake. Sasa ile ya kuona ya mwenzako kwanza itatoka wapi? Ujumbe unaleta namba moja uliyoomba, hauleti orodha.

---

BintiMakorora, saa 7:20 mchana

Kijana wa Duga, swali lako nimetembea nalo asubuhi yote. Nimeandika upya onyesho la mwisho. Mama hakuwa na kitochi nyumbani mchana, alikuwa nacho sokoni, kwa hiyo kinafika naye magharibi. Kaka na simu yake bado wako njiani.

5. NJE – UANI – USIKU WA MAPEMA

Kandili juu ya mkeka. Mwanaidi na Mwanahamisi wamekaa bega kwa bega. Mama yuko ndani, anaswali. Kitochi kipo katikati yao.

Mwanaidi anabofya. Tunaona skrini: salio ni shilingi 140.

MWANAHAMISI: Ya mtu mmoja.

MWANAIDI: Nikanunue vocha.

MWANAHAMISI: Duka limefungwa, wako msikitini.

Kimya. Mdudu anagonga kioo cha kandili.

MWANAHAMISI: Anza wewe. Simu ya mama yako.

MWANAIDI: Wiki zote zile nilikuwa naangalia mgongo wako tu. Siku ya hesabu ulikuwa unatetemeka.

MWANAHAMISI: Na wewe ulikuwa unaandika sana. Nilikuwa nasikia kalamu.

MWANAIDI: Nilikuwa nafuta.

Anakichukua kitochi. Mlio wa vitufe. Anabofya 7 mara nne. Sifuri nne. Mstari. Sifuri mbili. Tatu.

Kidole gumba kinasimama juu ya vitufe. Sifuri iko chini kabisa, moja iko juu kabisa. Mwanahamisi anageuza uso, anaangalia lile sinia la nazi lililotupwa machicha, kifuu juu yake kimekwanguliwa mpaka kung'aa.

Mlio mmoja wa kitufe.

GIZA.

---

MwalimuMstaafu, saa 8:02 mchana

Sikutegemea hili. Namba zao zinatofautiana tarakimu moja na wewe umeisimamisha filamu juu ya tarakimu hiyo.

Lakini nina neno. Mimi ningetaka kuuona ujumbe. Miaka yote ile watoto wanaokuja kwangu hawaulizi "ilikuwaje kusubiri", wanauliza nimepata ngapi. Ukimnyima mtazamaji ile 22 au ile 26 umemfanyia kama shule ya kijana wa Baba Watatu. Na ile hesabu yote ya F na pointi moja inakwenda wapi?

---

JichoLaKamera, saa 8:20 mchana

Mwalimu, hesabu haipotei. Imo kwenye "nilikuwa nafuta". Waigizaji wote wawili lazima wayajue matokeo yao kabla hatujapiga picha, wayashike kichwani, 22 na 26, hadi somo kwa somo. Mwanaidi anaogopa hesabu na ana haki ya kuogopa. Mwanahamisi anajua siku ile alitetemeka. Mtu anayejua anachokiogopa anakaa tofauti kwenye mkeka.

Mimi ujumbe nisingeuonyesha. Ila duka linafunguliwa baada ya robo saa, dada. Mtazamaji atasema si wasubiri vocha tu.

---

BintiMakorora, saa 8:31 mchana

Nalijua. Wamesubiri tangu mchana na robo saa imewashinda. Nataka aseme hivyohivyo mtazamaji.

Mwalimu, sijakataa hoja yako. Nitapiga picha ya ujumbe pia, wa 0030 na wa 0031, zote mbili, niamue nikiwa nakata. Leo siwezi kuapa.

---

MamaNguvumali, saa 8:50 mchana

Sasa nimeelewa kuwa ni mchezo. Lakini mimi ningekuwa huyo mtoto ningemwangalizia mwenzangu kwanza. Ndivyo tulivyolelewa.

---

KijanaWaDuga, saa 8:54 mchana

Mimi ningebofya yangu mama, tusidanganyane. Na ningemwambia mwenzangu usoni kwamba naanza na yangu.

---

JichoLaKamera, saa 9:10 mchana

Mambo ya kazi. Nazi. Kila unaporudia onyesho la 3 unahitaji kipande kizima, kilichokunwa hakirudi. Tuseme unarudia mara tatu kwa mbali na mara tatu kwa karibu, hivyo ni vipande sita, nazi tatu. Ongeza moja ya mazoezi. Vile vipande vilivyokwisha nyama usivitupe, ndivyo vya kupigia picha ya kifuu, vinakuwa tayari. Nunua nazi zilizokomaa, za ukubwa mmoja, maana kifuu kikubwa na kidogo havilii sawa.

Na mwigizaji wako awe anajua kukuna kweli. Asiyejua anaonekana kwenye mabega.

---

BintiMakorora, saa 9:26 mchana

Anajua, ni binti wa mama lishe hapa mtaani, anakuna bila kuangalia. Huko kutoangalia ndiko ninakokutaka, mpaka adhana imshtue.

Tunaanza Jumamosi, jioni ya nazi. Jumapili jioni ya mama. Kandili nimeazima, kitochi ni kilekile cha mama yangu, bado kinawaka, kitufe cha 7 kimefutika.

---

MamaNguvumali, saa 9:40 mchana

Nazi usinunue sokoni. Ninao minazi miwili, njoo Ijumaa na kijana wa kukwea. Na tui la hizo nazi mtalipikia nini?